Urari Usiolingana: Namna ya Kuisaka Hesabu ya Upande Mmoja na Ile Iliyoangukia Upande Usio Wake

Duka moja la leso za jumla katika Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa, lilifunga vitabu vyake vya mwisho wa Agosti kwa urari ambao jumla ya debiti ilikuwa Sh3,687,050 na jumla ya krediti Sh3,697,180. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa vitabu hivyo, na tofauti ya Sh10,130 ilinishughulisha siku mbili nzima, ingawa kazi yenyewe, ikifanywa kwa utaratibu ninaoueleza hapa, haizidi asubuhi moja. Vitabu viliandikwa kwa mkono, masalio tu ndiyo yaliyoingizwa kwenye kompyuta, na mauzo mengi yalikuwa ya mkopo kwa wachuuzi wa Malindi, Lamu na Kwale waliochukua korja kadhaa na kulipa baadaye.

Urari ni orodha ya masalio ya akaunti zote za leja, yaliyopangwa katika safu mbili. Kwa kuwa kila tukio la biashara huandikwa mara mbili, mara moja debiti na mara moja krediti kwa kiasi kilekile, safu hizo hazina budi kulingana. Zisipolingana, kuna makosa ya namna nyingi yanayoweza kuwa chanzo, lakini mwongozo huu unashughulika na mawili. La kwanza ni hesabu ya upande mmoja, ambapo tukio liliandikwa katika akaunti moja na akaunti ya pili ikasahauliwa. La pili ni hesabu iliyoangukia upande usio wake, ambapo akaunti zote mbili ziliandikwa, lakini moja yao ilipokea kwenye krediti kiasi kilichostahili kuwekwa kwenye debiti, au kinyume chake.

Kabla ya kugusa leja

Rudia kwanza kujumlisha safu mbili za urari, ukianza chini kwenda juu, kwa kuwa jicho lililokosea likishuka hukosea tena likishuka. Kisha fungua leja ukurasa baada ya ukurasa, uhakikishe kwamba kila salio limeingia kwenye orodha, kwa tarakimu zilezile na katika safu ileile. Akaunti ya mauzo yaliyorudishwa ndiyo inayoponyoka sana hapa, kwa sababu jina lake lina neno mauzo na mkono huipeleka kwenye krediti bila kufikiri, ilhali salio lake ni la debiti. Usisahau pia masalio ya fedha taslimu na benki, ambayo hukaa katika daftari la fedha wala si katika leja, na kwa hiyo huachwa nje na mtu anayefuata leja peke yake.

Tazama vilevile kama tofauti inagawanyika kwa 9 bila baki. Ikigawanyika, huenda tarakimu mbili zilibadilishana nafasi, kama vile 5,400 kuandikwa 4,500, na utafutaji wake ni mwingine. Tofauti yetu ya 10,130 ina tarakimu zinazojumlika kuwa 5, kwa hiyo haigawanyiki kwa 9, na dhana hiyo niliiweka kando.

Tofauti inasema nini

Jiulize kwanza ni upande gani uliopungua. Kwetu debiti ndiyo iliyopungua. Ikiwa kosa ni moja tu na ni la upande mmoja, basi kuna debiti ya Sh10,130 ambayo haikuandikwa popote, na unachotafuta katika madaftari ya mwanzo ni kiasi hicho hasa. Ikiwa kosa ni moja na ni la upande usio wake, basi kiasi unachotafuta ni nusu ya tofauti, yaani Sh5,065, na utakikuta katika leja kimekaa kwenye krediti.

Sababu ya kutafuta nusu inafaa kufahamika vizuri, maana ndiyo itakayokuongoza tena wakati wa kusahihisha. Kiasi kinapowekwa kwenye krediti badala ya debiti, safu ya debiti hupungukiwa na kiasi hicho, na papo hapo safu ya krediti huongezewa kiasi hichohicho. Pengo kati yao kwa hiyo ni mara mbili ya kiasi chenyewe. Hili pia linatoa kipimo cha haraka: ikiwa vitabu vyako havina senti na tofauti haigawanyiki kwa 2, basi kosa moja la upande usio wake haliwezi kuwa jibu lote.

Nilipekua madaftari ya Agosti nikitafuta 10,130, sikuipata. Nikatafuta 5,065, nayo haikuwapo. Wengi wakifika hapa hukata tamaa au huanza kukagua kila mstari wa mwaka mzima. Lakini matokeo hayo yenyewe ni taarifa: yanaonyesha kwamba, kwa uwezekano mkubwa, makosa ni zaidi ya moja na yamejumlishwa ndani ya tofauti moja. Hapo kukisia tarakimu hakusaidii tena, na inabidi kuligawa eneo la utafutaji.

Kulipunguza eneo

Mgawanyo wa kwanza ni wa wakati. Urari wa mwisho wa Julai ulikuwa umelingana, kwa hiyo kosa lililoleta tofauti hii liliingia Agosti, ama katika kuhamisha hesabu, ama katika kujumlisha akaunti, ama katika kushusha salio la Julai. Masalio yaliyoshushwa niliyahakiki kwa kuyalinganisha na urari wa Julai, kazi ya dakika kumi, na yote yalikuwa sawa.

Mgawanyo wa pili ndio wenye manufaa makubwa, na nasikitika kwamba mafunzo mengi huupita kwa haraka. Kila daftari la mwanzo lina mizani yake lenyewe, na unaweza kulipima peke yake bila kuhusisha mengine. Daftari la mauzo ya mkopo linapaswa kupeleka kwenye debiti za wadaiwa jumla ileile inayopeleka kwenye krediti ya akaunti ya mauzo. Daftari la manunuzi ni vivyo hivyo kwa wadai na akaunti ya manunuzi. Katika daftari la fedha, jumla ya malipo ya mwezi lazima iwe sawa na jumla ya debiti zilizotokana nayo katika leja, na jumla ya mapokezi iwe sawa na krediti zilizotokana nayo. Isipokuwa uhamisho kati ya fedha taslimu na benki, ambao pande zake zote mbili zimo ndani ya daftari lenyewe. Huo uutenge, na uhakikishe kwamba kila mmoja una mwenzake, maana uhamisho ulioandikwa kwa upande mmoja ni kosa lilelile tunalolisaka.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika jina la daftari moja, jumla yake ya mwezi, na chini yake orodhesha kila kiasi ambacho leja inaonyesha kilitoka katika daftari hilo. Hapa ndipo namba za kurasa zinazoandikwa pembeni mwa kila hesabu zinapolipa gharama yake. Daftari la mauzo lililingana, na la manunuzi likalingana. Daftari la fedha, upande wa malipo, likatoa hivi:

Malipo kwa wadai, Sh145,000
Mishahara, Sh21,000
Kodi ya duka, Sh15,000
Umeme, Sh1,900
Fedha alizochukua mwenye duka, Sh10,000

Hizi ndizo debiti nilizozikuta katika leja, na jumla yake ni Sh192,900. Jumla ya malipo katika daftari la fedha ilikuwa Sh194,630. Pengo ni Sh1,730.

Hesabu ya upande mmoja

Pengo la namna hii ndani ya daftari moja halihitaji tena hesabu za kubahatisha. Niliteremka katika safu ya benki, ambamo tulijumuisha pia fedha za tili ya M-Pesa, na mstari wa mwisho wa mwezi ukasomeka: makato ya mwezi, Sh1,730. Pembeni mwake, mahali pa namba ya ukurasa wa leja, palikuwa peupe. Fedha zilikuwa zimepunguzwa katika daftari la fedha, yaani krediti iliandikwa, lakini akaunti ya gharama za benki na M-Pesa haikupokea debiti yake.

Namna kosa hilo lilivyotokea inaeleza pia mahali pa kulitafuta. Makato hayana ankara wala risiti ya mkononi. Huonekana tu pale taarifa ya akaunti inapopatikana mwisho wa mwezi, na huandikwa ili salio la daftari likubaliane na la taarifa. Karani akishaona salio limekubaliana, huona kazi imekwisha, naye hufunga daftari kabla ya kwenda leja. Kwa sababu hiyo, hesabu zilizoandikwa siku ya kulinganisha na benki ndizo za kwanza kuzichunguza: makato, riba, hundi zilizorudishwa, na malipo ya wateja yaliyoingia moja kwa moja benki.

Kanuni ya kufuata ni kwamba namba ya ukurasa wa leja iandikwe pembeni baada ya hesabu kuhamishwa, kamwe si kabla. Nafasi tupu huwa ishara ya kweli pale tu desturi hiyo inapotunzwa. Karani anayejaza namba zote kwanza ili aokoe muda, kisha ndipo ahamishe, ameiharibu alama pekee ambayo ingemwonyesha alipokatizwa na mteja.

Baada ya kuondoa 1,730, tofauti iliyobaki ni Sh8,400. Sasa maswali ya awali yanarudi yakiwa na nguvu: tafuta debiti ya 8,400 iliyokosekana, au krediti ya 4,200 iliyokaa mahali pasipo pake.

Hesabu iliyoangukia upande usio wake

Nakiri kwamba 4,200 nilikuwa nimeiona siku ya kwanza, na nilikuwa nimeitia tiki. Nilikuwa nikikagua daftari la fedha dhidi ya leja peke yangu, nikisoma kiasi huku na kukitafuta kule. Nilipokikuta kiasi hicho katika akaunti ya punguzo tulilowapa wateja, nilitia alama ya penseli na kuendelea. Kiasi kilikuwapo, tarehe ilikuwa sahihi, akaunti ilikuwa sahihi. Sikuangalia upande. Ukaguzi wa tiki unaolinganisha tarakimu tu unaweza kupita juu ya kosa la upande mara kumi bila kuliona, kwa sababu katika kosa hilo tarakimu ndiyo kitu kisichokosewa.

Njia salama ni ya watu wawili. Mmoja hushika daftari la mwanzo na mwingine hushika leja, na msomaji hutaja upande kabla ya kiasi. Mwenzangu dukani, ambaye ni mdogo wangu kwa umri lakini ana jicho kali kuliko langu, alisoma: "Punguzo tulilowapa wateja, debiti, elfu nne na mia mbili." Nami nikajibu kwa ninachokiona: "Krediti, elfu nne na mia mbili." Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Kaka, hebu tazama tena." Nilipotazama, tarakimu zilikuwa upande wa kulia wa ukurasa na tiki yangu imekaa kando yake.

Akaunti hii si mahali pa kushangaza kulikuta kosa, na inafaa kueleza kwa nini. Katika daftari la fedha la safu tatu, safu za taslimu na benki ni akaunti zenyewe. Kinachoandikwa kwenye debiti yake, yaani mapokezi, hupelekwa kwenye krediti ya akaunti nyingine, na mkono wa karani huzoea kugeuza upande kila unapotoka katika daftari hilo. Safu ya punguzo si akaunti. Ni kumbukumbu tu iliyowekwa kando ya mapokezi ili punguzo la kila mteja lisisahaulike. Jumla yake mwisho wa mwezi haigeuzwi: iliyo upande wa debiti wa daftari hupelekwa kwenye debiti ya akaunti ya punguzo tulilowapa wateja, na iliyo upande wa krediti hupelekwa kwenye krediti ya punguzo tulilopewa na wadai.

Wateja wetu waliolipa ndani ya siku 14 walipata punguzo la asilimia 2. Mwezi huo akaunti za wadaiwa zilipokea krediti za Sh210,000: fedha Sh205,800 na punguzo Sh4,200. Fedha zilikuwa na debiti yake katika daftari la fedha. Punguzo lilipaswa kuwa na debiti yake katika akaunti ya punguzo, lakini nami niliugeuza upande kwa mazoea, na krediti mbili zikasimama bila debiti hata moja. Dalili nyingine ilikuwapo: salio la akaunti hiyo lilikuwa limeshuka kutoka Sh14,200 mwisho wa Julai hadi Sh10,000 mwisho wa Agosti, ilhali akaunti ya gharama kwa kawaida hupanda tu kadiri mwaka unavyoendelea. Kuyaweka masalio ya miezi miwili kando kwa kando, na kuuliza kwa nini gharama fulani imepungua, kungelifichua kosa hili mapema kuliko tiki zote.

Kwa anayetunza leja katika Excel

Programu kamili za uhasibu kwa kawaida hukataa kupokea hesabu isiyo na pande mbili, lakini jedwali la Excel hupokea chochote. Ikiwa kila mstari wa jedwali lako una tarehe katika safu A, namba ya vocha B, akaunti C, debiti D na krediti E, basi andika fomula hii katika F2 na uiburute hadi chini:

```
=ROUND(SUMIFS(D:D,B:B,B2)-SUMIFS(E:E,B:B,B2),2)
```

Kila vocha iliyo sawa hutoa 0. Vocha yenye mstari mmoja tu na jibu la -1730 ni hesabu ya upande mmoja iliyokosa debiti. Vocha yenye mistari miwili, yote katika safu ya krediti kwa kiasi cha 4,200, hutoa -8400, na hiyo ni ya upande usio wake. Jihadhari na mistari isiyo na namba ya vocha, kwani fomula hutoa 0 kwayo na kuifanya ionekane safi. Ichuje na uikague kwa macho. Jihadhari pia na tarakimu zilizonakiliwa kutoka taarifa ya benki zikahifadhiwa kama maandishi, kwa sababu SUMIFS huziruka, na vocha iliyo sahihi huonekana kama ya upande mmoja.

Kusahihisha

Usifute wala usipake wino mweupe. Sheria ya Kenya ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na ukurasa uliopakwa rangi humpa mkaguzi maswali ambayo kosa lenyewe lisingeyaleta. Kila sahihisho lipitie katika jarida, likiwa na maelezo ya sababu na namba ya ukurasa ulioathirika.

Ikiwa taarifa za mwezi zilitakiwa kabla kosa halijapatikana, tofauti huwekwa katika akaunti ya muda, upande uliopungua. Ndivyo tulivyofanya: debiti ya Sh10,130. Hiyo si njia ya kulifunika kosa, na haipasi kukaa humo hadi mwisho wa mwaka. Makosa yalipopatikana, jarida liliandikwa hivi:

Debiti: Gharama za benki na M-Pesa, Sh1,730
Krediti: Akaunti ya muda, Sh1,730
Makato ya Agosti yaliyo katika daftari la fedha ambayo hayakuhamishwa kwenye leja.

Debiti: Punguzo tulilowapa wateja, Sh8,400
Krediti: Akaunti ya muda, Sh8,400
Jumla ya punguzo la Agosti, Sh4,200, iliyowekwa kwenye krediti badala ya debiti.

Sahihisho la pili ni mara mbili ya kiasi cha asili, na hapa ndipo wanaoanza hukosea tena. Sh4,200 za kwanza hufuta krediti isiyostahili, na hapo akaunti huwa imerudi tu pale ilipokuwa kabla ya kosa. Sh4,200 za pili ndizo zinazoiandika debiti iliyopaswa kuwapo tangu mwanzo. Ukisahihisha kwa 4,200 peke yake, akaunti ya muda itabaki na 4,200, na utaanza kusaka kosa la tatu ambalo halipo.

Akaunti ya muda ilifungwa bila salio, na urari mpya ukasimama kwenye Sh3,697,180 pande zote mbili. Faida ya miezi minane tuliyokuwa tumemwonyesha mwenye duka ilipungua kwa Sh10,130 kamili, kwa kuwa makosa yote mawili yalikuwa ya gharama zilizoandikwa pungufu. Mzee aliitazama karatasi ya pili, akaiweka juu ya ile ya kwanza, akauliza swali moja: mbona salio la benki halikubadilika? Halikubadilika kwa sababu daftari la fedha lilikuwa sahihi tangu mwanzo, na ndiyo maana kulinganisha na benki, ambako tulikuwa tumekutegemea mno, hakukuweza kutuonyesha chochote.